Uzi: Shiti ya kukokotoa miaka ya utumishi na tarehe za kustaafu inaacha watu nje ya orodha. Msaada wenu

Mrasimu_Dom

Habari za jioni wakuu. Mimi ni afisa utumishi, nimehamishiwa halmashauri mojawapo hapa mkoa wa Dodoma miezi michache iliyopita. Aliyekuwepo kabla yangu aliacha faili la Excel lenye watumishi wote: cheki namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, halafu fomula zinazotoa tarehe ya kustaafu, miaka ya utumishi na orodha ya watakaostaafu hivi karibuni. Mkurugenzi anataka orodha ya miaka 3 ya fedha kuanzia 2026/27 ili itumike kwenye ikama na kuombea nafasi mbadala.

Nilipokuwa najiandaa kuichapa, akaja mzee mmoja wa idara ya kilimo na barua yake ya kusudio la kustaafu, mapema hata kabla ya ile miezi sita ambayo taratibu zinataka. Nikamtafuta kwenye orodha, hayupo. Kwenye shiti kuu yupo, lakini seli yake ya tarehe ya kustaafu ni tupu. Nikateremka chini, nikakuta seli tupu ni nyingi tu.

Fomula iliyopo ni hii:

```
=IFERROR(C2+60*365,"")
```

Na ya miaka ya utumishi:

```
=IFERROR(INT((TODAY()-D2)/365),"")
```

Nahitaji kujua pa kuanzia. Kompyuta ya ofisi ina Excel 2013.

Mwalimu wa Kibaigwa

Asante kwa kuleta uzi huu mkuu, umetugusa wengi. Mimi nina miaka 57, naomba kujua kwa hicho kikokotoo mkupuo wangu utakuwa asilimia ngapi? Maana tunasikia maneno mengi, mara 33, mara 40. Mshahara nautaja inbox.

Nzuguni_Boy

Mwalimu, hapa wanakokotoa tarehe, hela bado. Rudi nyuma kidogo, foleni yako ni ile ya PSSSF 😂

Fundi Shiti

Mleta uzi, tatizo liko wazi. Mwaka una siku 365 na robo, wewe unazidisha kwa 365. Badilisha iwe hivi na kila kitu kitakaa sawa:

```
=C2+60*365.25
```

Halafu kwa orodha tumia FILTER, mstari mmoja tu inajaza yenyewe. Hizo mambo za kuchuja kwa mkono tulishaziacha.

Takwimu Kondoa

Fundi umesema nusu ya kweli. Kwa umri wa miaka 60 fomula yako inapatia, tena kila mara, kwa sababu miaka 60 kwa kipindi hiki ina siku 21,915 na 60 mara 365.25 ni 21,915 kamili. Ile ya zamani inatoa 21,900, kwa hiyo kila mtumishi kwenye faili la huyu ndugu anastaafishwa siku 15 kabla ya muda wake. Hilo umelitibu.

Sasa jaribu kwenye kustaafu kwa hiari, miaka 55. 55 mara 365.25 ni 20,088.75. Miaka 55 halisi huwa na siku 20,088 au 20,089, inategemea Februari 29 ngapi zimeangukia katikati. Mtu aliyezaliwa tarehe 10/01/1972 anatimiza miaka 55 tarehe 10/01/2027, ila fomula yako itamwandikia tarehe 9. Ni siku moja tu, lakini kwenye barua ya serikali siku moja inarudisha barua nzima.

Kwenye utumishi ni mbaya zaidi. Aliyeajiriwa tarehe 01/07/1996, ikifika 01/07/2025 ametimiza miaka 29. Zile siku ni 10,592. Gawanya kwa 365.25 unapata 28.9993, ukiweka INT inabaki 28. Mtu kapoteza mwaka mzima kwenye karatasi siku ileile anayoutimiza.

Kompyuta inaijua kalenda, usiifundishe kuhesabu siku. Iambie iongeze miezi:

```
=EDATE(C2,E2*12)
```

E2 hapo ni umri wa lazima wa mtumishi huyo. Usiandike 60 ndani ya fomula, weka kwenye safu yake, kwa sababu si wote ni 60.

Fundi Shiti

Sawa nimekubali kwenye 55. Ila kwa 60 yangu inafanya kazi na ni fupi. Na kwani kwenye halmashauri nani si 60?

Bi Masijala

Wanangu hamjambo. Madaktari bingwa wana umri wao, 60 kwa hiari na 65 kwa lazima, sawa na maprofesa wa vyuo. Halmashauri yenye hospitali inaweza kuwa na daktari bingwa mmoja, na huyo mmoja ndiye utakayemwandikia barua ya kumstaafisha miaka 5 kabla. Takwimu kasema vizuri, umri ukae kwenye safu yake.

Ila mimi nina swali kwa mleta uzi. Mnabishana habari ya 365, na seli tupu je? Kuzidisha kwa 365 kunatoa tarehe isiyo sahihi, hakufanyi seli iwe tupu. Huyo mzee wa kilimo alizaliwa tarehe ngapi?

Mrasimu_Dom

Shikamoo mama. Kwenye shiti imeandikwa 25/09/1967. Inaonekana sawa kabisa.

Takwimu Kondoa

Imeegemea kushoto au kulia ndani ya seli?

Mrasimu_Dom

Kushoto. Na nikiangalia, wengine wameegemea kulia. Nilidhani ni mapambo tu.

Takwimu Kondoa

Hapo ndipo penyewe. Iliyoegemea kushoto si tarehe, ni maandishi. Kwa Excel, 25/09/1967 ya mzee wako haina tofauti na neno "Mpwapwa". Ukiliongezea siku inatoa kosa la #VALUE!, halafu IFERROR inalifunika na kuacha seli nyeupe. Aliyeitengeneza alitaka shiti ionekane safi, ikawa safi kwa kuficha watu.

Fanya hivi kwanza. Ondoa IFERROR zote. Kisha kwenye safu ya pembeni weka:

```
=ISNUMBER(C2)
```

Buruta mpaka chini, chuja zilizotoa FALSE. Utujulishe ni nyingi kiasi gani na zinafanana nini.

Fundi Shiti

Hilo dogo. Anachagua safu yote, anabadilisha muundo wa seli kuwa Date, imekwisha.

Takwimu Kondoa

Kubadilisha muundo kunabadilisha sura ya namba. Maandishi hayana namba ndani ya kubadilishiwa sura, yatabaki vilevile. Jaribu kwenye seli moja uone.

Mrasimu_Dom

Nimerudi wakuu. Zilizotoa FALSE ni zaidi ya nusu ya watumishi! Na zote, bila kubakiza, siku yake ni kubwa kuliko 12. 13/04, 25/09, 30/11, hivyohivyo. Zilizotoa TRUE hakuna hata moja yenye siku inayozidi 12.

Takwimu Kondoa

Basi kaa chini, kwa sababu habari mbaya haiko kwenye zile za FALSE. Iko kwenye za TRUE.

Taarifa zilitolewa kwenye mfumo zikiwa na siku mbele, mwezi katikati. Zikafunguliwa kwenye kompyuta ambayo mpangilio wake wa eneo ni wa Marekani, ambao husoma mwezi kwanza. Ilipokutana na 25/09/1967 ikaona mwezi wa 25 haupo, ikaacha kama maandishi. Ilipokutana na 07/03/1967 haikulalamika. Ikasoma mwezi wa 7, tarehe 3. Mtu aliyezaliwa Machi 7 sasa amezaliwa Julai 3, na seli imeegemea kulia vizuri kama ya mtu mwenye tarehe sahihi. Ikionyeshwa kwa mpangilio wa siku mbele utaiona 03/07/1967 na hutashtuka.

Ushahidi umeutoa mwenyewe. Kwenye kundi kubwa la watu, waliozaliwa kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi ni zaidi ya nusu. Safu ya tarehe isiyo na hata mmoja wa aina hiyo imegeuzwa. Salama ni wale tu ambao siku na mwezi vinalingana, kama 04/04, maana ukivigeuza vinabaki vilevile.

Sasa mfuate huyo wa Machi 7, 1967. Kweli yake anatimiza 60 tarehe 07/03/2027, ndani ya mwaka wa fedha 2026/27, na miezi sita kabla ya hapo ni 07/09/2026. Shiti yako, hata ukishaiwekea EDATE, itasema anatimiza tarehe 03/07/2027, yaani mwaka wa fedha 2027/28, na kumbukumbu ya miezi sita itakuja 03/01/2027. Umechelewa karibu miezi 4, na nafasi yake haikuingia kwenye ikama ya mwaka unaostahili. Mzee wa kilimo angalau alikosekana, mtu akagundua. Huyu yupo kwenye orodha na jina lake na cheki namba, ila mahali si pake.

Nzuguni_Boy

Kumbe kuna wazee wanafanya kazi bure na wengine wanaondoka bado wana miezi 😳

Bi Masijala

Hapana mwanangu. Orodha ya afisa utumishi ni ya kupanga, mtu hastaafu kwa shiti. Anastaafu kwa barua, na barua inaandikwa jalada likiwa mezani. Ndiyo maana makosa haya huwa hayaonekani kwa muda mrefu.

Mrasimu_Dom

Nageuzaje sasa? Niandike fomula ya kubadilishana siku na mwezi?

Fundi Shiti

Hii hapa, kwa zile za TRUE:

```
=DATE(YEAR(C2),DAY(C2),MONTH(C2))
```

Na kwa zile za maandishi:

```
=DATE(RIGHT(C2,4),MID(C2,4,2),LEFT(C2,2))
```

Hapo siwezi kukosea tena 😅

Takwimu Kondoa

Fundi, fomula zote mbili ni sahihi. Nisingezitumia tu kama faili la asili lipo, kwa sababu hatujui nani aliongezwa kwa mkono baadaye. Walioandikwa kwa mkono kwenye kompyuta yenye mpangilio sahihi wana tarehe sahihi tayari, ukipitisha fomula ya kugeuza unawageuza wao.

Mrasimu, omba taarifa zitolewe upya kwenye mfumo. Ukizipata usibofye faili mara mbili likajifungua lenyewe, kwa sababu hapo ndipo kugeuka kunapotokea. Kwanza nenda kwenye mpangilio wa Region wa kompyuta, toa English (United States), weka English (United Kingdom), ndipo ulifungue. Kama zitakuja zikiwa bado maandishi, chagua safu, nenda Data, kisha Text to Columns, hatua ya tatu chagua Date na DMY. Hiyo DMY ndiyo inayoiambia Excel kwamba siku iko mbele. Ukimaliza rudia ISNUMBER, zote ziwe TRUE, halafu hakikisha zipo siku zinazozidi 12.

Mwalimu wa Kibaigwa

Samahani wakuu, kumbe nilielewa tofauti. Basi niulize la kwangu la tarehe. Mimi nilianza kazi mwaka 1994 mkoa mwingine, nikahamia huku 2011. Nikiomba kuangalia taarifa zangu naambiwa nina miaka 15 ya utumishi. Ile mingine imekwenda wapi?

Bi Masijala

Umeuliza swali zuri kuliko la asilimia, mwalimu. Mrasimu, soma hili pamoja naye, maana nina hakika limo kwenye faili lako.

Mtumishi akihamia kwenu, afisa mwenye haraka anaandika tarehe aliyoripoti kwenye halmashauri yenu kama tarehe ya kuajiriwa. Kwa ofisi yenu ndiyo siku aliyoanza, lakini utumishi wake ulianza kwenye ajira ya kwanza na uhamisho haukuukata. Zinatakiwa safu mbili: tarehe ya ajira ya kwanza, na tarehe ya kuripoti kwa mwajiri wa sasa. Utumishi unahesabiwa kwa ile ya kwanza.

Chukua muuguzi aliyezaliwa 18/11/1968, akaajiriwa 01/07/1994, akahamia kwenu 15/02/2011. Atatimiza 60 tarehe 18/11/2028. Kwa ajira ya kwanza atakuwa na miaka 34 na miezi 4. Kwa tarehe ya kuripoti unampa miaka 17 na miezi 9. Umemnyang'anya nusu ya maisha yake ya kazi kwa safu moja. Mfuko una kumbukumbu zake za michango na hautafuata shiti yako, lakini hiyo shiti ndiyo inayotoa maelezo yanayoambatishwa kwenye barua, na zikipishana jalada linarudi.

Ukitaka kuwanasa, angalia umri wa mtu siku aliyoajiriwa. Muuguzi au mwalimu wa cheti anayeonekana kaajiriwa akiwa na miaka 42, vuta jalada lake. Wengine ni kweli walichelewa. Wengi ni uhamisho.

Takwimu Kondoa

Fomula ya miezi ya utumishi hadi siku ya kustaafu, D ikiwa ajira ya kwanza na F tarehe ya kustaafu:

```
=DATEDIF(D2,F2,"m")
```

Kwa muuguzi wa Bi Masijala inatoa 412. Ukitaka isomeke kwa miaka na miezi, weka kwenye safu inayofuata:

```
="Miaka "&INT(G2/12)&" miezi "&MOD(G2,12)
```

DATEDIF haitajitokeza kwenye mapendekezo unapoandika, iandike yote mwenyewe, itafanya kazi. Usitumie tu ile ya "md" ya kutafuta siku zinazobaki. Kutoka 31/01/2026 hadi 01/03/2026 inakupa siku hasi 2.

Mrasimu_Dom

Mama, nimejaribu ulivyosema, nimepata watu kadhaa walioajiriwa na zaidi ya miaka 45. Mmoja nimevuta jalada lake, si uhamisho. Kazaliwa 12/09/1967, kaajiriwa 01/03/2013 kweli. Huyu naye nimfanyeje?

Bi Masijala

Huyo mwite ofisini mapema, tena kwa upole. Atastaafu 12/09/2027 akiwa na miezi 174 ya utumishi. Pensheni ya kila mwezi inataka michango isiyopungua miezi 180. Hata ukihesabu mshahara wa Septemba yenyewe, hafiki.

Muulize aliwahi kufanya kazi wapi kabla ya 2013 na alichangia mfuko gani. Wengi wa umri huo walikuwa shule binafsi au kampuni, wana namba ya NSSF iliyolala kabatini. Asihukumiwe kwa shiti yako, aende mfukoni na nyaraka zake akaulizie wakati bado ana mwaka mmoja mkononi. Akiambiwa wiki anayoondoka, hana tena pa kuegemea.

Kwenye shiti weka safu ya kumulika wote walio chini ya 180. Lakini uandike juu yake "miezi ya utumishi". Usiandike "miezi ya michango", kwa sababu hivyo ni vitu viwili. Mtu aliyewahi kuwa likizo bila malipo, au mwajiri wake aliruka kupeleka michango, utumishi unaweza kuonyesha 190 na mfuko ukaona pungufu. Ya michango yanatoka kwenye taarifa ya mfuko peke yake.

Fundi Shiti

Turudi kwenye orodha basi, maana ndiyo anayoisubiri mkurugenzi. Bado nasimama na FILTER.

Mrasimu_Dom

Mkuu niliijaribu nyumbani kwenye kompyuta ya mdogo wangu ikakubali. Kufungua ofisini inaandika _xlfn mbele ya fomula, na nikibofya kuhariri inatoa #NAME?.

Takwimu Kondoa

Excel 2013 haina FILTER, wala 2016 na 2019 hazina. Usihangaike. Ongeza safu ya mwaka wa fedha, kisha uchuje kwa mkono. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, kwa hiyo rudisha tarehe nyuma miezi 6 ndipo usome mwaka:

```
=YEAR(EDATE(F2,-6))&"/"&RIGHT(YEAR(EDATE(F2,-6))+1,2)
```

Anayestaafu 30/06/2027 anaangukia 2026/27, wa siku inayofuata anaangukia 2027/28. Chuja 2026/27, 2027/28 na 2028/29, panga kwa tarehe ya kustaafu, nakili kwenye shiti mpya. Ile EDATE ya kurudisha miezi 6 kwa bahati ndiyo pia tarehe ya mwisho ya taarifa ya kusudio, iweke peke yake kwenye safu nyingine na ndiyo uipange nayo kazi zako.

Na TODAY() iondoe. Weka tarehe ya hesabu kwenye seli moja, tuseme L1, iandikwe juu ya orodha kwamba "hadi tarehe fulani". Ukiacha TODAY(), orodha uliyopeleka kikaoni Jumatatu na ile utakayoifungua mwezi ujao kujibu hoja zitakuwa na namba tofauti, na utaulizwa ipi ya kweli.

Nzuguni_Boy

Mkuu si uitupie hapa hiyo shiti tukusaidie haraka? Wengine tuko huku Mtumba tunazubaa.

Bi Masijala

Asithubutu. Cheki namba, majina na tarehe za kuzaliwa za watu haziji huku. Mistari miwili ya kubuni inatosha kwa kujaribu fomula.

Mrasimu_Dom

Nimekuelewa mama. Nimeomba taarifa mpya, zimekuja, nimefuata DMY, ISNUMBER zote TRUE na siku zinazozidi 12 zipo. Mzee wa kilimo yumo sasa, 25/09/2027. Orodha ya miaka mitatu imekuwa zaidi ya mara mbili ya ile niliyorithi.

Ila nina jambo jipya. Julai imejaa. Kila mwaka, tarehe 01/07, wanastaafu wengi kuliko miezi mingine yote. Nimeogopa kwamba nimegeuza tena tarehe za Januari 7.

Takwimu Kondoa

Ungegeuza tena, siku zinazozidi 12 zingekosekana, na umesema zipo. Angalia tu kama ni 01/07 peke yake au Julai nzima.

Mrasimu_Dom

Ni 01/07 peke yake. Julai 2, Julai 9 na kuendelea ni kawaida tu.

Bi Masijala

Hao ni waliojua mwaka bila siku. Nenda kawavute majalada yao, utakuta kwenye fomu za zamani kumeandikwa "1967" tu, na baadaye mtu akalazimika kujaza siku na mwezi ili mfumo ukubali. Kizazi chetu wengi tulizaliwa nyumbani, mama anakumbuka ilikuwa wakati wa kuvuna uwele, basi. Hapo hapana kosa la kompyuta.

Ila uwape alama kwenye orodha, kwa sababu hao ndio watakaokuja na kitambulisho cha NIDA chenye tarehe nyingine. Ikitokea, inayotambuliwa ni tarehe aliyoitoa mwenyewe alipoajiriwa mara ya kwanza. Haibadilishwi kwa cheti kipya wala kiapo kilichopatikana akiwa na miaka 59.

Mwalimu wa Kibaigwa

Hapo mama sikubaliani moja kwa moja. Mwenzangu tuliosoma naye aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa, akaleta, na kwenye mfumo ikasomeka ya kwenye cheti. Tofauti na jalada ni mwaka mzima.

Bi Masijala

Kusomeka kwenye mfumo si kukubaliwa, mwalimu. Kuna siku ya kulinganisha, na kwa ninyi walimu jalada lingine liko Tume ya Utumishi wa Walimu, watalinganisha na wao pia. Huyo mwenzako afuatilie mapema.

Mrasimu_Dom

Hilo limenikuta tayari. Ninaye mwalimu ambaye jalada letu lina 1967 bila siku, la Tume lina 14/02/1967, na mfumo una 01/07/1967. Ya Tume ndiyo fomu yake ya ajira ya kwanza? Maana la kwetu lilifunguliwa alipohamia.

Bi Masijala

Usikisie. Andika barua Tume, waombe nakala ya fomu yenyewe, iliyojazwa kwa mkono wake mwaka alioajiriwa. Kisha ulinganishe mwandiko na saini. Mpaka uipate, kwenye orodha mweke kwa tarehe ya mapema, 14/02/2027, na umwandikie alama. Bora ukumbushwe kabla ya wakati.

Fundi Shiti

Na siku yenyewe ya mwisho kazini je? Akitimiza 60 tarehe 14, anafanya kazi tarehe 14 au anaishia 13? DATEDIF haihesabu siku ya mwisho, mtu wa 01/07 hadi 30/06 anapoteza mwezi mmoja kwenye hesabu.

Takwimu Kondoa

Kwenye DATEDIF uko sahihi, kama F ni siku ya mwisho ya kufanya kazi unaongeza 1: DATEDIF(D2,F2+1,"m"). Kwenye siku yenyewe, ofisi nilizopita barua zinaandika tarehe anayotimiza umri.

Bi Masijala

Kwetu ziliandikwa hivyo pia, ila nimeona barua zilizotoka na tarehe ya siku moja kabla na zikapita. Mrasimu, chukua barua tatu za karibuni zilizokubaliwa hapo kwenu, ufuate mtindo wake.

Mrasimu_Dom

Nimezitazama. Mbili zina tarehe ya kuzaliwa, moja ina siku moja kabla. Nitamuuliza afisa utumishi wa mkoa Jumatatu, nikipata jibu nitaliweka hapa.